Andalio la Dharura: Ukurasa Mmoja kwa Mwalimu Asiyelijua Darasa

Andalio la somo la kawaida mwalimu huliandika akijua kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayelifundisha. Akiandika "wanafunzi wajumlishe sehemu katika vikundi", anajua vikundi hivyo ni vipi, nani huongoza kila kimoja na daftari ziko kabati gani. Mwalimu wa Kiswahili anayeambiwa asubuhi kwamba mwenzake ameugua, akashike Hisabati Darasa la Tano kipindi cha tatu, hajui lolote kati ya hayo. Ndiyo maana andalio la dharura huandikwa kivyake, mapema, na nakala yake hukaa kwa mwalimu wa taaluma.

Uamuzi wa kwanza ni mada, na hapa msimamo wangu ni mkali: usimwachie mwenzako mada mpya. Ikifundishwa vibaya, utakaporudi utakuwa na kazi mbili, kung'oa kosa kisha kufundisha upya. Chagua mada ambayo darasa lilishaimaliza wiki kadhaa zilizopita na bado linahitaji mazoezi. Kwa Darasa la Tano, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kunafaa sana, kwa sababu kosa la watoto linajulikana kabla hawajalifanya.

Ukurasa uanze na mambo ya darasa: kiongozi wa darasa ni nani na anakaa wapi, daftari ziko wapi, nani asiondolewe dawati la mbele. Katika hili la mwisho andika cha kufanya tu, "akae mbele, umsemeshe akikutazama", bila maelezo ya afya ya mtoto, maana karatasi hiyo itapita mikono mingi.

Kisha dakika 40 zigawanywe. Tano za kwanza, ubaoni pawe na 1/2 + 1/3, kila mtoto ajaribu peke yake, kimya. Wengi wataandika 2/5: wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Hapo andalio limpe mwalimu mgeni swali la kuuliza, neno kwa neno: "Mlikuwa na nusu, mkaongeza kitu juu yake. Je, 2/5 ni kubwa kuliko nusu, au ni ndogo?" Watoto wakiona kwamba ni ndogo, kosa limejifichua lenyewe, wala mwalimu wa Kiswahili hakulazimika kuwa bingwa wa hesabu.

Dakika kumi zinazofuata ni za mchoro. Mwelekeze achore mstatili wenye visanduku 6, safu mbili za visanduku vitatu. Nusu ni visanduku 3, theluthi ni visanduku 2, jumla 5 kati ya 6, yaani 5/6. Mchoro huo uwe tayari kwenye ukurasa ili anakili tu. Ukiandika "tumia KDS" ukaishia hapo, mtu aliyeiacha Hisabati miaka mingi iliyopita atakwama mbele ya watoto, na darasa hulitambua hilo upesi.

Dakika 18 za zoezi zinahitaji maswali machache yanayopanda taratibu, kila moja na jibu lake: 1/2 + 1/4 ni 3/4, 1/3 + 1/6 ni 3/6, 2/5 + 1/10 ni 5/10, 3/4 + 1/6 ni 11/12, 2/3 + 1/4 ni 11/12. Pembeni ya swali la pili na la tatu andika: "Kubali pia 1/2." Bila neno hilo, mtoto aliyerahisisha vizuri atapigwa mkasi, na atakungoja urudi akulalamikie. Kwa wanaomaliza mapema weka kazi moja isiyohitaji maelezo: watunge swali lao ambalo jibu lake ni 7/8.

Dakika saba za mwisho wabadilishane daftari na kusahihishiana, mwalimu akisoma majibu. Darasa likiwa na watoto sabini au zaidi, usimtegemee akusanye na kusahihisha yote. Ana vipindi vyake. Mwombe ajibu maswali matatu chini ya ukurasa: wangapi waliandika 2/5 mwanzoni, wengi walifika swali la ngapi, na kuna jambo gani la nidhamu au afya unalopaswa kulijua. Hilo la kwanza likirudi na idadi kubwa, ujue mada hiyo uliifunga mapema, urudie mchoro kabla ya kusonga mbele.

Karatasi ikishatumika, itoe kwenye faili siku hiyohiyo uweke nyingine ya mada tofauti. Usipofanya hivyo, dharura ijayo watoto watayataja majibu kabla swali halijaisha kuandikwa ubaoni.