Mashimo Matatu na Tabaka Lisiloonekana

Shimo la kwanza, tuliite A, limekuta makaa ya mawe kwenye kina cha mita 85. Shimo B limeyakuta kwenye mita 60, na shimo C kwenye mita 95. Anayetazama namba hizi peke yake atasema tabaka limeinuka zaidi kule B. Kumbe B ndiko lilikozama kuliko kote. Kinachomdanganya ni ardhi ya juu, kwa kuwa kina hupimwa kuanzia pale mtambo wa kuchoronga uliposimama, na katika nchi ya vilima kama Ngaka, wilayani Mbinga, mitambo miwili haisimami kwenye kimo kimoja.

Namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, lakini mazingira yake ni ya kweli. Makaa ya Ngaka yamo katika miamba ya Karoo, iliyotandazwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na leo matabaka yake yameinama. Mchimbaji anataka kujua mambo mawili: tabaka limeinama kuelekea wapi, na kwa kiasi gani.

Kazi ya kwanza ni kutoa kina katika kimo cha ardhi. Tuseme ardhi ya A iko mita 985 juu ya usawa wa bahari, ya B mita 880 na ya C mita 965. Basi tabaka liko mita 900 kule A, 820 kule B na 870 kule C. Tangu hapa tunasahau vilima. Tunashughulika na uso wa tabaka lenyewe.

Sasa chukua ramani na rula. Unganisha A, iliyo juu kuliko zote, na B, iliyo chini kuliko zote. B iko mita 800 mashariki ya A, na katika umbali huo tabaka limeshuka mita 80, yaani mita 1 kwa kila 10. Kwa hiyo ukitembea mita 300 kutoka A utakuwa juu ya mahali ambapo tabaka liko mita 870, sawasawa na kule C. Tia nukta hapo, uiite D, kisha piga mstari kutoka D hadi C. Kila mahali juu ya mstari huo tabaka liko kwenye kimo kimoja, na huo ndio mwelekeo wake. Ni kama kipaa cha nyumba ya bati: mstari huu unakwenda sambamba na kilele cha paa, na maji hutiririka kuukatiza kwa pembe mraba. Katika mfano wetu, kipimapembe kinasoma digrii 30 mashariki ya kaskazini.

Uinamo hupimwa kwa pembe mraba na mstari huo, na hapa ndipo wengi huteleza kwa kupima kufuata mstari wa A na B. Wakifanya hivyo watapata digrii 5.7, ambayo ni ndogo mno, kwa sababu njia hiyo inashuka kiubavu. Kutoka B hadi mstari wa D na C, kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ni mita 433, na tabaka limeshuka mita 50. Gawanya 50 kwa 433, tafuta pembe yenye tanjenti hiyo, upate digrii 6.6 hivi, kuelekea kusini mashariki. Kisha jihakiki kwa A: iko mita 260 upande wa pili wa mstari, na tabaka limepanda mita 30. Pembe ni ileile.

Uhakiki huo unapima rula yako tu, haupimi ardhi. Nukta tatu hukubali bapa moja daima, hata kama kule chini tabaka limekunjika au limekatwa na mpasuko, na bonde la Ruhuhu, ambamo makaa haya yamo, lina mipasuko mingi. Tena mashimo yakikaribia kuwa kwenye mstari mmoja, kosa dogo hukua. Kimo cha C kikikosewa kwa mita 2, D itasogea mita 20. C ikiwa mita 600 kutoka D, mwelekeo utapotoka kwa karibu digrii 2. Ikiwa mita 60 tu, utapotoka kwa digrii 15 hivi.

Dawa ni shimo la nne. Lichorongwe kati ya A na B, mita 500 kutoka A, ambako bapa letu linasema tabaka liko mita 850. Ardhi ikiwa mita 920, makaa yatarajiwe kwenye kina cha mita 70. Yakionekana kwenye 71, endelea na ramani. Yakionekana kwenye 100, kwanza chunguza sampuli kuona kama ni tabaka lilelile ama jingine la chini yake. Ikiwa ni lilelile, kuna mpasuko au mkunjo katikati ya mashimo yako, na hesabu ya nukta tatu ifanywe upya kwa mashimo yaliyo upande mmoja tu.