Ng'ombe Asitoke Kwenye Maelezo

Tuseme umepewa picha na maelezo haya, uyaweke kwenye X pamoja na kiungo cha ratiba:

"Pichani ni wafugaji wakiwa wamesimama na ng'ombe wao katika foleni ndefu wakisubiri chanjo ya ugonjwa wa kimeta ambayo inatolewa bila malipo kwa ajili ya wafugaji wote wa kata hii kuanzia siku ya Jumatatu tarehe 9 hadi siku ya Ijumaa tarehe 13 Machi katika uwanja wa mnada."

Ni herufi 273, nafasi na alama zikiwemo. Akaunti ya kawaida inaruhusiwa 280, kwa hiyo unadhani umesalimika. Bandika kiungo uone: chenyewe kinahesabiwa 23, pamoja na nafasi moja kabla yake jumla inafika 297. Picha haihesabiwi.

Wengi hapo hukimbilia kukifupisha kiungo. Kazi bure, maana kiwe kirefu au kifupi X hukihesabu 23 vilevile, na ukidondosha herufi moja msomaji anaangukia ukurasa usiokuwepo. Kiache kilivyo, ila ukifungue mwenyewe kabla ya kutuma.

Kinachokatwa ni maneno yasiyobeba habari. "Pichani ni" ya nini, na picha ipo machoni? "Siku ya Jumatatu tarehe 9" ikiwa "Jumatatu 9" umeokoa herufi 15. Sarufi yetu nayo inasaidia: "ambayo inatolewa" inakuwa "inayotolewa", na "katika uwanja wa mnada" inaingia yote ndani ya "mnadani".

"Wafugaji na ng'ombe wao wakisubiri chanjo ya kimeta, inayotolewa bure kwa wafugaji wote wa kata hii, Jumatatu 9 hadi Ijumaa 13 Machi, mnadani."

Sasa ni 142, na 166 pamoja na kiungo. Mkono ukikuwasha uondoe na "na ng'ombe wao", jizuie: wanaochanjwa watakuwa wafugaji! Badala yake, tumia nafasi uliyopata kuandika jina la kata, kwa sababu "kata hii" haimwambii kitu mtu aliye mbali.

Ujumbe uleule ukienda kwa SMS, hesabu inabadilika. Kikomo ni 160, na kiungo kinahesabiwa herufi kwa herufi. Picha haipo, basi foleni haina maana tena. Anza moja kwa moja na "Chanjo ya kimeta kwa ng'ombe". Halafu itazame ile alama ndani ya "ng'ombe". Baadhi ya simu huipinda zenyewe, na alama iliyopinda haimo katika herufi za kawaida za SMS, hivyo kikomo cha ujumbe mmoja kinashuka hadi 70 na ujumbe unagawanyika vipande, kila kimoja kikilipiwa. Bonyeza kitufe cha alama hiyo kwa muda, uchague iliyonyooka.