Kabla Hujagusa Skrubu ya Uzi, Safisha Cherehani

Cherehani ikianza kushona ovyo, watu wengi hukimbilia skrubu ya kukaza uzi. Wanakaza, wanalegeza, wanakaza tena, na baada ya nusu saa hakuna anayekumbuka ilikuwa wapi mwanzo. Mimi nasema skrubu hiyo iacheni kwanza. Kama mashine ilikuwa ikishona vizuri juzi na leo mishono ni mikubwa kwa midogo, mara nyingi kilichobadilika ni uchafu uliojikusanya mahali ambapo jicho halifiki: manyoya ya nyuzi chini ya sindano, na mafuta ya zamani yaliyoganda kwenye vyuma vinavyozunguka.

Nitaeleza kwa mfano wa cherehani moja niliyoiona ikisafishwa kwenye baraza la fundi, Tandika, Dar es Salaam. Ni Butterfly nyeusi ya kukanyaga, ile ya kichwa cha chuma iliyotengenezwa Shanghai, ambayo imejaa katika vibaraza vya mafundi wetu. Mwenyewe hushona zaidi sare za shule. Malalamiko yake yalikuwa matatu. Asubuhi kanyagio lilikuwa zito mpaka mashine ipate moto. Upande wa chini wa kitambaa uzi ulikuwa ukifanya vitanzi. Na mishono haikulingana: tulipoweka rula juu ya mshono mmoja, mahali fulani mishono kumi ilichukua milimita 25, na mbele kidogo kwenye mshono uleule kumi ilichukua 18.

Dalili hizo tatu zina sababu tatu tofauti, na inafaa kuzielewa kabla ya kushika bisibisi. Uzito wa kanyagio unatokana na mafuta yaliyoganda. Urefu wa mishono unaamuliwa na meno, yale ya chuma yanayochungulia chini ya mguu wa cherehani. Kila sindano inapotoka kwenye kitambaa, meno hupanda, hukishika, hukisogeza hatua moja, kisha hushuka na kurudi kuanza upya. Yasipopanda mpaka mwisho, kitambaa kinateleza na hatua inakuwa fupi. Ama vitanzi vya chini, hapo watu hudanganyika sana. Kwa kuwa vinaonekana chini, mtu huhangaika na bobini, kumbe kwa kawaida uzi uliolegea ni ule wa juu. Uzi wa juu usipobanwa vya kutosha, ule wa bobini unauvuta mpaka upande wa chini, nao unabaki pale ukining'inia.

Kazi ilianza kwa kutoa uzi wote, kuvua mkanda kwenye gurudumu na kuchomoa sindano. Kama mashine yako ni ya umeme, chomoa waya ukutani, kwa sababu mguu ukigusa kanyagio huku vidole viko kwenye meno, sindano haitasubiri. Kisha mguu ulifunguliwa, na zile skrubu mbili za bamba la chini ya sindano. Andaa kisahani cha kuwekea skrubu, maana ni ndogo na zikidondokea kwenye mchanga wa baraza hazionekani tena.

Bamba lilipoinuliwa, mistari ya meno haikuonekana kabisa. Nafasi iliyo kati yake ilikuwa imejaa manyoya ya kijivu yaliyoshindiliwa na kulowa mafuta, magumu kama kipande cha godoro kuukuu. Brashi haikuweza kuyatoa. Fundi alitumia ncha ya bisibisi nyembamba, akayakwangua taratibu kufuata mstari, na yakatoka kwa vipande virefu vyenye umbo la mifereji ya meno. Manyoya haya hayatoki kwenye kitambaa tu bali pia kwenye uzi wenyewe, ambao husuguliwa kila unapopita kwenye tundu la sindano. Uzi wa bei rahisi wenye nywelenywele hujaza mashine haraka kuliko uzi laini. Pia usisahau kugeuza bamba na kusafisha upande wake wa chini, kwa sababu huko nako hugandamana tabaka linaloyazuia meno kupanda.

Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na unyevu kwenye chuma kitupu ni kutu. Pampu ya hewa nayo husukuma manyoya ndani zaidi, yakaenda kukaa kwenye ekseli ambako huwezi kuyafikia. Mswaki wa zamani na kibano cha nyusi vinatosha.

Chini ya meno ndipo ilipo shato, kile chuma chenye ncha iliyopinda kinachodaka kitanzi cha uzi wa juu na kukizungusha kwenye bobini. Peleka sindano juu kabisa, toa kikopo cha bobini, kisha fungua pete inayoishika shato. Kwenye mashine nyingi pete hiyo inashikwa na vibana viwili vinavyofunguka kwa kidole, nyingine hushikwa kwa skrubu. Kabla hujaitoa shato, piga picha kwa simu ili ujue inakaa vipi. Ndani ya njia inamozunguka kulikuwa na vipande vya uzi vilivyokatika, na kimoja kilikuwa kimejipachika kwenye kona kabisa. Kipande kama hicho hukwamisha uzi kwa sekunde, kisha huuachia, na hapo mshono mmoja unakaza na unaofuata unalegea. Futa njia hiyo kwa kitambaa mpaka chuma king'ae, halafu pitisha ukucha kwenye ncha ya shato. Ukucha ukikwama, kuna mkwaruzo unaochana uzi, na huo hauondoki kwa kusafisha.

Kikopo cha bobini kina chuma chembamba ubavuni kinachobana uzi wa chini. Manyoya yakiingia chini yake, hukiinua na uzi hulegea. Yatoe kwa kona ya kadi nyembamba ya karatasi, ukiipitisha kufuata njia ya uzi. Usitumie pini wala sindano, kwa kuwa hukwaruza chuma na kukipinda.

Sasa tuje kwenye mafuta, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari hii yote. Fundi huyu alikuwa akitumia mafuta ya kula ya alizeti pale ya cherehani yalipomwishia. Si yeye peke yake, hii ni tabia iliyoenea. Mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa hushikana na oksijeni na polepole hugeuka kuwa utando wa njano unaonata, karibu sawa na vanishi. Siku ya kwanza mashine hukimbia vizuri. Baada ya wiki kadhaa huanza kuwa nzito, mtu anaongeza mafuta mengine juu yake, na utando unazidi kuwa mnene. Hata mafuta halisi ya cherehani, mashine ikikaa miaka bila kutumika, huganda. Kuweka mafuta mapya juu ya utando huo hakuuondoi, hivyo ni lazima uyeyushwe kwanza.

Kinachouyeyusha ni mafuta ya taa. Vitabu vya maelekezo vya Singer za zamani vilishauri hivyo hivyo kwa mashine iliyokuwa nzito. Tulilaza kichwa cha cherehani nyuma kwenye bawaba zake na kuweka matone mawili ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta juu, na kila mahali chini ambapo chuma kinasugua chuma. Yakaachwa robo saa. Kisha gurudumu likazungushwa kwa mkono, bila uzi na bila kitambaa, kwa dakika kadhaa. Maji ya kahawia yakaanza kuchuruzika kwenye viungo. Yakafutwa, matone yakarudiwa, likazungushwa tena, mpaka kilichotoka kikawa cheupe. Ilichukua mizunguko mitatu. Palipokuwa na utando mgumu zaidi, yaani kwenye nondo inayobeba sindano, palisuguliwa kwa tambara lililoloweshwa.

Fanyeni kazi hii nje, mbali na jiko na sigara, na matambara muyaanike penye hewa. Kama cherehani yako ni ya kisasa yenye gia za plastiki na mota ndani, mafuta ya taa usiyatumie, kwa sababu yanaweza kuharibu plastiki, mpira na nyaya. Hiyo isafishe kwa brashi, weka mafuta mahali kitabu chake kinapoelekeza, na ikiwa imeganda mpelekee fundi wa mashine.

Mafuta ya taa husafisha lakini hayalainishi. Ukiishia hapo, vyuma vitasagana vikavu. Kwa hiyo palepale weka mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, tone moja kila tundu na tone moja kwenye njia ya shato. Yanayozidi hayana faida, yatadondokea sare nyeupe ya mtoto wa mtu na kukusanya manyoya upya.

Vilibaki visahani viwili vinavyobana uzi wa juu, chanzo cha vile vitanzi. Inua mguu wa cherehani ndipo visahani viachane, kisha pitisha kati yake ukanda wa kitambaa cha pamba uliokunjwa, ukiuvuta kufuata njia ya uzi. Wetu ulitoka na mstari mweusi na donge dogo la manyoya. Donge la namna hiyo linatosha kuviacha visahani wazi, hata uikaze skrubu namna gani.

Baada ya kurudisha kila kitu na kuweka sindano mpya namba 14, fundi alishona kwanza kwenye vipande vya tambara mpaka mafuta yakaacha kutoka. Kisha akatumia uzi mwekundu juu na mweupe chini, kwenye kitambaa cha pamba cha mikunjo miwili. Hicho ndicho kipimo cha kweli. Nukta nyekundu zikionekana chini, uzi wa juu bado umelegea, na nukta nyeupe zikionekana juu, umekaza mno. Mshono mzuri huficha fundo katikati ya vitambaa. Hapo sasa, na hapo tu, skrubu inaweza kuguswa, robo mzunguko kwa wakati. Yeye alihitaji robo moja ya kulegeza, kwa sababu alikuwa ameikaza kupita kiasi siku zote za mahangaiko. Rula iliporudishwa, mishono kumi ilichukua milimita 25 mwanzo, katikati na mwisho.

Kama baada ya yote haya mashine yako bado inaruka mishono, badilisha sindano kwanza. Ikiendelea, basi ncha ya shato imekwisha au haikutani na sindano kwa wakati wake, na hiyo ni kazi ya fundi wa cherehani mwenye vipuri. Anayeshona kutwa aweke mafuta kila siku na kupitisha brashi kwenye shato kila anapobadilisha bobini. Anayeshona mara mojamoja asafishe na kuweka mafuta kabla ya kuifunika mashine kwa muda mrefu, na kila baada ya miezi kadhaa aizungushe kidogo.