Ujumbe kwa Rafiki Aliyepunguzwa Kazini

Rafiki yangu alikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja cha Dar es Salaam. Alipopunguzwa kazini baada ya miaka 8, simu yake ilijaa pole. Baadaye aliniambia uliomchosha zaidi ni ule wa "ukihitaji chochote niambie," kwa sababu ulimwachia yeye tena kazi ya kufikiria aombe nini, na kwa nani.

Mimi nilikaa siku nzima nikipiga simu kwanza, ndipo nikamwandikia:

"Kaka, nimesikia wamewapunguza. Wakikuletea barua ya kuacha kazi kwa hiari, usiisaini. Dai kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, kwako ni siku 56. Dai pia malipo ya likizo uliyobakiza na cheti cha utumishi. Halafu, kuna bohari ya vipuri Mbagala inataka mtu wa stoo anayejua kuhesabu mzigo kwa kompyuta. Nimeongea na msimamizi, nafasi ipo kweli, mwisho Ijumaa. Jina lako sijamtajia. Nikutaje?"

Jambo la barua nililiweka mbele kwa makusudi. Waajiri wengine huwabembeleza watu waandike kwamba wameacha wenyewe, na mtu akiwa amechanganyikiwa husaini ili yaishe. Kumbe NSSF ina fao la kukosa ajira kwa aliyechangia angalau miezi 18: theluthi moja hivi ya mshahara, kwa miezi 6. Aliyekuwa akipokea laki sita atapata kama laki mbili kwa mwezi, kodi ya chumba na unga vikapatikana. Aliyeacha kazi mwenyewe hana fao hilo. Na anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huisha upesi mtu akiwa amejifungia ndani.

Kuhusu bohari, nilihakikisha nafasi ipo kabla sijaitaja. "Jaribu bandarini, nasikia wanachukua watu" ni maneno yanayomla mtu nauli na kumrudisha jioni akiwa amevunjika moyo. Ruhusa ya kumtaja nayo ni heshima: habari ya kuachishwa kazi ni yake, yeye ndiye anayeamua nani aijue.

Alijibu kwa neno moja: "Nitaje." Nikampigia msimamizi, na sikumwomba amsaidie mtu mwenye shida. Nilimweleza kwamba huyu ndiye aliyegundua kuwa mzigo ulikuwa unapungua kati ya mizani na stoo, akaonyesha vitabu. Aliitwa kwenye usaili Alhamisi.

Kama una rafiki wa namna hiyo leo, mpigie kwanza mwenye nafasi, ndipo umwandikie yeye.