Stata inapogonga bila kuzungusha injini

Dereva anapozungusha swichi na kusikia mgongo tu kutoka kwenye stata, umeme wa kuivuta solenoidi umefika, lakini ule mkubwa wa kuzungusha injini haupiti inavyopaswa. Stata ya gari dogo la petroli huhitaji ampea 100 hadi 200. Taa za ndani na redio hutumia chache tu, kwa hiyo taa kuwaka vizuri si ushahidi kwamba betri na nyaya zake ni nzima. Hapo ndipo wengi hukosea, wakanunua stata nyingine kabla ya kupima chochote.

Sauti yenyewe husaidia kutambua ubovu. Migongo ya haraka inayofuatana mara nyingi hutoka kwenye betri iliyoishiwa chaji au muunganisho uliolegea. Solenoidi hunasa, stata huanza kuvuta umeme, volti huanguka, solenoidi huachia, kisha hunasa tena. Mgongo mmoja mzito, huku taa kubwa zikibaki na mwanga uleule, huashiria kwamba njia ya umeme mkubwa imekatika au ina ukinzani mwingi. Taa zikififia sana kwa mgongo huohuo, betri ni dhaifu, au stata yenyewe imekwama na inavuta umeme kupita kiasi.

Kazi huanzia kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6 kwenye mita, ikisoma 12.0 imeshuka sana na ichajiwe kwanza. Kisha hutazamwa terminali. Unga mweupe au wa kijani huonekana kwa macho, lakini ubovu unaosumbua zaidi ni utando mweusi mwembamba kati ya kichwa cha betri na terminali, ambao hauonekani mpaka terminali ifunguliwe. Terminali inayozunguka kwa mkono imelegea. Hufunguliwa ya hasi kwanza, sehemu zote mbili husuguliwa kwa msasa mpaka risasi ing'ae, hukazwa, na grisi hupakwa juu baada ya kukaza. Wakati wa kurudisha, ya hasi hufungwa mwisho.

Ikiwa hali haijabadilika, ethi ndiyo ya kuchunguzwa, na hupimwa swichi ikiwa imeshikiliwa kwenye kuwasha, kwa sababu ukinzani hujionyesha umeme unapopita. Gia huwekwa huru na breki ya mkono huvutwa. Mfano ni gari ambalo waya wa hasi wa betri umefungwa kwenye bodi, na waya mwingine mfupi unaunganisha bodi na injini. Msaidizi anaposhikilia swichi, betri inasoma volti 12.0, yaani ni nzima. Waya mmoja wa mita ukiwekwa juu ya kichwa cha hasi chenyewe na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mita inasoma volti 6.7, ilhali haifai kuzidi takriban 0.3. Stata imebakiwa na volti 5.3 tu, na hazitoshi. Kipimo kinasogezwa hatua kwa hatua: kichwa hadi terminali 0.1, terminali hadi bodi 0.1, bodi hadi injini 6.5. Ubovu uko kwenye ule waya mfupi, ambao ncha yake imeliwa na kutu chini ya bolti yake. Asiye na mita anaweza kuunganisha waya mnene wa kubusti kutoka hasi ya betri hadi chuma cha injini. Stata ikizunguka, ethi ndiyo mbovu.

Ethi ikiwa nzima, inabaki solenoidi. Ina bolti mbili kubwa: moja hupokea waya mnene wa betri, nyingine hupeleka umeme kwenye mota. Inaponasa, sahani ya shaba iliyo ndani huunganisha hizo mbili. Mita ikiwekwa kati yake wakati solenoidi imegonga inapaswa kushuka karibu na sifuri. Ikibaki karibu na 12, shaba zimeungua au kulika na hazipitishi. Katika stata nyingi za Denso zinazofungwa kwenye Toyota, shaba hizo hubadilishwa peke yake, bila kununua stata nzima. Mita ikishuka na mota ikapata zaidi ya volti 10 bila kuzunguka, kasoro iko kwenye mota, mara nyingi kaboni zilizokwisha, au injini yenyewe imekwama.

Kuziunganisha bolti hizo mbili kwa bisibisi ni hatari: cheche huruka karibu na mafuta, na injini inaweza kuzunguka ghafla mikono ikiwa ndani. Mita hutoa jibu hilohilo kwa usalama, nayo ndiyo itumike.