Pampu na Bomba Lake: Kuipata Nukta ya Kazi

Kila pampu ya maji ina mkunjo wake, yaani mstari kwenye grafu unaoonyesha kwamba kadiri inavyosukuma maji juu zaidi, ndivyo yanavyotoka machache. Bomba la kupandishia maji nalo lina mkunjo wake, ila huo hauji na pampu. Mhandisi huuchora mwenyewe.

Tuseme kisima kirefu kinatakiwa kupeleka lita 10 kwa sekunde kwenye tangi la kilimani. Kutoka usawa wa maji kisimani hadi yanakomwagikia tangini ni mita 60. Usawa huo hupimwa pampu ikivuta, si maji yakiwa yametulia, kwa kuwa yakivutwa hushuka. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 100 na urefu wa mita 1,400 hula mita 25 nyingine kwa msuguano, viungo na vali vikiwemo. Jumla ni mita 85. Mtiririko ukipungua nusu, msuguano hushuka hadi kama mita 6 tu. Kwa hiyo mkunjo wa bomba huanzia mita 60 na kupanda kwa kasi.

Mikunjo miwili inapokatana ndipo penye nukta ya kazi. Pampu haichagui pengine pa kufanyia kazi, hata mnunuzi akitamani vipi.

Hapo ndipo nyongeza ya usalama inapopotosha wengi. Mtu huongeza asilimia 20 juu ya mita 85, akanunua pampu ya lita 10 kwa mita 102. Bomba halidai mita hizo, basi ziada hugeuka mtiririko: kwa pampu moja ya aina hiyo, nukta huhamia lita 11.5 kwa mita 93. Kila lita hugharimu umeme zaidi, na kisima kinaweza kuvutwa kuliko uwezo wake.

Njia bora ni kuchora mikunjo miwili ya bomba: mmoja wa bomba jipya, mwingine wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka mita 5 na msuguano umeongezeka asilimia 10. Pampu ya lita 10 kwa mita 88 itatoa takriban lita 10.3 kwenye mkunjo wa kwanza na 9.6 kwenye wa pili. Nukta zote mbili ziwe karibu na pale pampu inapofanya kazi kwa ufanisi mkubwa kabisa. Zikienda mbali, mtetemo huongezeka na beringi huchakaa mapema.

Baada ya kufunga pampu, mita ya maji na geji ya presha huonyesha nukta halisi. Ikiangukia chini ya mkunjo wa pampu, huenda pampu imechakaa, au inazunguka kinyume kwa sababu nyaya mbili za umeme zimebadilishana. Ikiwa juu ya mkunjo huo lakini kushoto zaidi, kasoro iko bombani: vali haijafunguliwa yote, au hewa imenaswa.