Ramani ya Miinuko ya Kivu: Sehemu ya Pili, Kupakua na Kuunganisha Vipande

Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu duniani. Vipimo hivyo, viitwavyo SRTM, hutolewa bure vikiwa vimekatwa vipande vya digrii moja kwa moja, kila kipande katika faili lake la zip. Jina hutaja pembe ya kusini-magharibi. Goma, iliyo latitudo 1.67 kusini, imo katika S02E029, wala si S01E029 kama wengi wanavyodhani. Ziwa Kivu zima hadi Bukavu linahitaji vipande vinne: S02E028, S02E029, S03E028 na S03E029.

Kupakua huhitaji akaunti ya Earthdata ya NASA, na hapa ndipo mitego ilipo. Kama hukutambuliwa, seva yaweza kukuletea ukurasa wa kuingilia, nawe ukauhifadhi kwa jina la zip. Mtandao nao ukikatika, hubaki faili nusu. Basi kabla ya kufungua, jaribu:

```
unzip -t S02E029.SRTMGL1.hgt.zip
file S02E029.SRTMGL1.hgt.zip
```

Orodha ya yaliyomo katika zip huandikwa mwishoni mwa faili, kwa hiyo lililokatika hukataliwa papo hapo. Amri ya kwanza italalamika kwa nusu faili na kwa ukurasa wa wavuti vilevile. Ya pili ndiyo inayotenganisha, maana itasema HTML ukiwa ni ukurasa. Ukurasa ufute, uingie upya. Nusu faili uliendeleze kwa `wget -c`, usianze mwanzo. Kwa bei ya data ya hapa, kuanza upya ni hasara tupu.

Faili zilizokatwa kuwa .001, .002 na kuendelea huunganishwa kwanza, kisha hufunguliwa. Hizi za SRTM ni kinyume: kila moja ni zip kamili, hivyo hufunguliwa kwanza. Kila kipande ni mistari 3601 yenye nukta 3601, kila nukta baiti mbili, yaani baiti 25,934,402 kamili. Ikipungua hata moja, pakua tena. Kisha:

```
gdalbuildvrt kivu.vrt S0[23]E02[89].hgt
gdalinfo kivu.vrt
gdallocationinfo -wgs84 kivu.vrt 29.2 -1.8
```

Ukubwa uwe 7201 kwa 7201, si 7202, kwa sababu vipande jirani hushiriki mstari wa mpakani. Nukta ya mwisho iko majini, nayo itoe karibu mita 1460, kimo cha ziwa. Faili la vrt halinakili chochote, huelekeza tu. Ukihamisha vile vinne, ramani haitapata data.

Na usiitumie kupima lava: vipimo vilichukuliwa kabla Nyiragongo haijalipuka Januari 2002, wala lava ya Mei 2021 haimo ndani yake.